Kuruka kamba kabla ya kusoma: siku nyingine inakuamsha, siku nyingine inakulaza

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 18, nipo kidato cha sita, nasoma kutwa. Usiku nikifungua Kemia macho yanapita kwenye mistari lakini kichwani hakibaki kitu. Rafiki yangu alinishauri niruke kamba kabla ya kusoma, na hii ni wiki ya pili. Naruka kama dakika ishirini mpaka jasho linatiririka, naoga, nakula, halafu nakaa mezani. Siku nyingi nasinzia kuliko hata zamani. Lakini Jumatano maji yalikatika na chakula kikachelewa. Niliruka kidogo tu, mama akaniita nimsaidie kuwasha jiko, nikaacha kamba, kisha nikasoma hivyohivyo na jasho langu. Ajabu, siku hiyo iliingia! Mazoezi yanasaidia kweli au ilikuwa bahati tu?*

Marahaba mwanangu. Haikuwa bahati. Jumatano hiyo, bila kukusudia, ulifanya karibu kila kitu sawasawa, na siku nyingine zote unafanya karibu kila kitu kinyume. Kosa halimo kwenye kamba peke yake. Limo kwenye ukali wa zoezi, na zaidi kwenye kile unachokifanya kati ya kuweka kamba chini na kufungua daftari.

Nilianza kulifuatilia jambo hili nilipokuwa nafundisha michezo katika shule moja ya bweni. Wavulana walicheza mpira kuanzia saa kumi jioni hadi giza lilipoingia, wakaoga, wakala wali maharage, wakaingia prepu saa moja na nusu. Kufika saa mbili ungekuta nusu ya darasa vichwa viko juu ya madaftari, mate yanalowanisha karatasi. Walimu wenzangu wakanigeukia: mpira wako unatuharibia watoto. Nami nilikuwa nimesoma chuoni kwamba mazoezi huchangamsha ubongo. Ilibidi nijue nani mkweli. Jibu likawa kwamba sote tulikuwa wakweli, ila tulizungumzia saa tofauti.

Twende kwanza ndani ya mwili. Kwenye shina la ubongo, kule chini ambako ubongo unaungana na uti wa mgongo, kuna kundi dogo la seli ambalo wanasayansi waliliita doa la buluu kwa sababu ya rangi yake. Kazi yake mojawapo ni kumwaga kemikali iitwayo noradrenalini sehemu nyingi za ubongo, ikiwemo ile ya mbele nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo inayokusaidia kushikilia jambo moja na kupuuza mengine. Ukiwa umekaa tangu mchana, umechoka na joto na daladala, mtiririko wake ni mdogo: upo macho lakini umepoa. Ukitembea kwa haraka au ukiruka kwa kadiri, mtiririko unapanda, na hilo doa linaanza kuitikia vizuri zaidi kile unachokitazama.

Lakini si kila ongezeko ni faida. Fikiria redio ya mkulima: sauti ikiwa chini husikii neno, ukiipandisha unasikia, ukiimaliza kabisa spika inakoroma na maneno yanapotea tena. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Yerkes na Dodson, walilionyesha jambo la namna hiyo kwa panya: msisimko wa kati ulimsaidia mnyama kujifunza kazi ngumu, uliozidi ukamharibia. Kwa binadamu anayefanya mazoezi mambo yana utata zaidi, ila mwelekeo ni huohuo. Zoezi la kadiri linakuacha umechangamka. La kuzidi linauacha mwili na shughuli zake, yaani kushusha joto, kurudisha pumzi na kutuliza misuli, na Kemia inangoja foleni.

Hapa nikatize kidogo, maana kuna maelezo yanayopendwa sana mitaani kwamba mazoezi husaidia kwa kuwa yanapeleka hewa nyingi kwenye ubongo. Sehemu yake ni kweli: kwa zoezi la kadiri damu iendayo kichwani huongezeka. Lakini ukifika mahali pa kutweta, unapumua nje kabonidayoksaidi nyingi mno, na mishipa ya damu ya ubongo hujibana pale gesi hiyo inapopungua. Kwa hiyo mtu anayetweta sana anaweza kuwa na damu pungufu kichwani kuliko alivyokuwa dakika chache nyuma. Ndiyo maana kuhemahema si kipimo cha kwamba zoezi limekubali.

Sasa kuhusu ushahidi. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, uliochapishwa 2009. Walichukua watoto 20 wa umri wa miaka kama tisa na kumi. Siku moja kila mtoto alitembea dakika 20 kwenye mashine ya kutembelea, kwa mwendo uliopandisha mapigo ya moyo kufika kama asilimia 60 ya kiwango chake cha juu. Siku nyingine mtoto huyohuyo alikaa tu akapumzika kwa muda uleule. Kisha akapewa kazi ya kutazama alama zilizopangwa mstari na kujibu ile ya katikati huku za pembeni zikimdanganya. Baada ya kutembea walijibu kwa usahihi zaidi, na mawimbi ya umeme wa ubongo yanayohusishwa na umakini yalikuwa makubwa zaidi. Ufahamu wa kusoma nao ulipanda.

Ninachotaka ukione ni mambo mawili yaliyojificha humo. Walitembea, hawakukimbia. Na hawakupewa kazi wakiwa bado wanahema. Watafiti walisubiri mpaka mapigo yakaribie kurudi yalipokuwa mwanzo. Miaka mitatu baadaye Chang na wenzake walikusanya tafiti 79 za aina hii, za watu wa kila rika, wakaona faida ipo ila ni ndogo, na kwamba inaonekana vizuri zaidi kama dakika 11 hadi 20 baada ya zoezi kwisha. Ndogo maana yake ndogo: haitakuingizia mada usiyoielewa, wala haitageuza alama zako peke yake. Inakupa dirisha fupi ambalo akili inatangatanga kidogo kuliko kawaida. Unachokiweka kwenye dirisha hilo ni juu yako.

Nawe dirisha lako unalitumia bafuni.

Hebu tuipitie jioni yako. Unaruka dakika ishirini mpaka jasho linatiririka. Kamba inadanganya; watu huiona mchezo wa watoto, kumbe kuruka mfululizo kwa mwendo wa kawaida kunakaribia ukali wa kukimbia. Kwa miaka 18, kadirio la mapigo ya juu kabisa ni 220 toa 18, yaani 202 kwa dakika. Hilo ni kadirio tu, moyo wa mtu mmoja unaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kadhaa. Asilimia 60 ni kama 121, asilimia 70 kama 141. Huko ndiko ninakotaka uwe. Ukiruka mfululizo bila kuzoea, usishangae kukuta 170 au zaidi.

Kupima ni rahisi. Ukiwa unaendelea na zoezi simama ghafla, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, tazama saa, hesabu mapigo kwa sekunde 15. Ukipata kati ya 30 na 35 uko mahali pazuri. Ukipata 40 na kuendelea, umezidisha. Usihesabu dakika nzima, kwa sababu ukishasimama moyo unashuka haraka na utapata namba isiyo ya kweli. Kama hukupata mpigo, tumia mdomo: unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika lakini usiweze kuimba. Ukiimba vizuri, zoezi ni jepesi mno. Ukisema maneno mawiliwili, punguza.

Baada ya kamba unaoga, nadhani kwa maji ya uvuguvugu, kisha unakula. Hapo ndipo unapojilaza mwenyewe. Mwili huingia usingizini kwa urahisi joto lake la ndani linaposhuka. Zoezi kali limekupandisha joto; sasa linashuka. Maji ya uvuguvugu yanafungua mishipa ya ngozi na kulitoa joto hilo kwa kasi zaidi, na ndiyo maana watu wenye shida ya usingizi hushauriwa kuoga hivyo kabla ya kulala. Ongeza sahani ya ugali iliyoshiba. Kufikia mezani imepita saa nzima au zaidi tangu uweke kamba chini: msisimko umekwisha, joto linashuka, tumbo limejaa, ni usiku. Ningekuwa mimi ningelala pia.

Jumatano maji yalikatika, hukuoga. Mama alikuita, hukuruka mpaka ukachoka. Kuwasha jiko kulichukua dakika chache, na hizo ndizo zilizokuwa za kushusha mapigo. Chakula kilichelewa, tumbo halikuwa zito. Ukakaa ukiwa ndani ya dirisha.

Kwa hiyo nakupangia hivi, na ratiba usiigeuze sana wiki ya kwanza. Ukirudi shule kula kitu chepesi, ndizi mbili au kipande cha muhogo, na unywe maji. Usianze zoezi ukiwa na njaa ya tangu saa sita. Kama desturi ya kwenu mnakula saa mbili usiku, anza zoezi saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Kamba uiache kwa muda, utembee kwa haraka dakika 15 hadi 20 huku ukipima mapigo mara mbili. Kama giza mtaani kwenu halina usalama, ruka uani ukitumia mfumo huu: ruka nusu dakika, piga hatua papohapo nusu dakika, rudia mara kumi na tano. Hiyo inatosha kuyaweka mapigo pale tunapopataka bila kukumaliza.

Saa moja kamili acha. Jifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida usoni, shingoni na mikononi, badilisha fulana, kunywa maji. Dakika tano hadi kumi, basi. Simu usiishike, dakika hizo ndizo inazozipenda, na ukifungua mazungumzo ya kundi la darasa akili imeshaondoka kabla hujaituma. Saa moja na dakika kumi uwe umekaa, na cha kwanza mezani kiwe ni kile kinachokushinda. Kama ni Kemia, basi ni yale maswali ya msawazo, si kunakili noti wala kupigia mistari rangi. Kunakili noti unaweza hata ukiwa nusu macho. Fanya mpaka saa mbili, kisha nenda kaoge na ule na familia. Ukirudi usiku, rudia mambo mepesi uliyoyaelewa tayari.

Kuna wanaoniuliza kama dakika nne au tano hazitoshi. Zinaweza. Brendon Gurd na wenzake nchini Kanada waliwapa watoto wa miaka 9 hadi 11 dakika nne tu za kuruka na kuchuchumaa kwa nguvu, sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika, mara nane, na baadaye makosa yao kwenye jaribio la umakini yakapungua. Angalia tofauti yake na yako: ni kali, lakini imekwisha kabla mwili haujachoka. Kilichokuwa kinakulaza ni ukali pamoja na urefu. Kwa mwanafunzi anayesoma peke yake usiku mimi bado napendekeza kutembea, kwa sababu ni vigumu kukosea. Hizo dakika nne au tano zina kazi yake katikati ya kipindi kirefu: ukisoma Jumamosi saa tatu mfululizo, kila baada ya kama dakika 45 au 50 simama, panda na kushuka ngazi au piga hatua papohapo dakika tano, urudi. Barbara Fenesi na wenzake walijaribu hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu 2018, katika mhadhara wa dakika 50. Waliopewa mapumziko mafupi ya kufanya mazoezi walibaki makini zaidi kuliko waliopewa mapumziko ya kucheza gemu ya kompyuta na wale wasiopewa kabisa. Kucheza gemu ni mapumziko kwa jina tu.

Sasa umeuliza kama ni bahati, na swali hilo sitaki ulijibu kwa kuniamini mimi. Jipime. Mwaka 1962 Mjerumani Rolf Brickenkamp alichapisha jaribio ambalo mtu anapewa mistari ya herufi zinazofanana na kutakiwa akate moja tu yenye alama fulani, kwa haraka. Linatumika mpaka leo. Lako litengeneze kwa gazeti kuukuu: chagua safu ya habari yenye maandishi madogo, weka saa dakika mbili, kata kwa kalamu kila herufi "k" inayofuatwa na "w", na kila "m" inayofuatwa na "b". Usirudi nyuma. Dakika zikiisha weka alama ulipofika, kisha rudi polepole uhesabu ulizoziruka. Unaandika vitu viwili: umefika mstari wa ngapi, na umeruka ngapi.

Fanya hivyo kila siku kabla tu ya kufungua Kemia, kwa siku kumi. Kila siku rusha sarafu: kichwa, unatembea, nyuma, unakaa kimya dakika zilezile ukitazama nje, bila simu. Hiyo ya kukaa ni ya lazima. Bila hiyo utalinganisha siku uliyotembea na siku uliyokuwa unakimbizana na kazi, na hutajua kilichosaidia ni miguu au ni utulivu. Sarafu nayo ni ya lazima, kwa sababu kwa mazoea tu utazidi kuwa hodari wa kukata herufi, na kama siku zote za kutembea zikija mwishoni, utaipa sifa miguu isiyostahili. Tena wakati wa kusoma weka karatasi pembeni, na kila ukijikuta umewaza jambo lingine piga kijistari. Mwisho wa saa hesabu vijistari.

Usitarajie maajabu. Nilipolifanya na kijana mmoja wa kidato cha tano, mistari aliyoifikia haikubadilika sana. Kilichopungua ni herufi alizoruka na vile vijistari vya pembeni. Na siku mbili ambazo usiku wa jana yake alikuwa amelala kwa muda wa saa nne tu, tofauti kati ya kutembea na kukaa haikuonekana kabisa, zote zilikuwa mbaya. Hapo ndipo mpaka ulipo. Mtu mwenye deni la usingizi ukimtembeza utamwamsha kwa muda kidogo, kisha deni linadaiwa palepale mezani. Kama unaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala na unalala saa sita usiku, tatizo lako la kwanza haliko kwenye kamba.

Na mambo mawili ya afya. Kama una pumu, anza taratibu, uwe na dawa yako ya kuvuta karibu, na uache kifua kikianza kupiga filimbi. Kama una selimundu, kutembea kwa kadiri ukiwa umekunywa maji ya kutosha mara nyingi hakuna shida, lakini kuruka mpaka jasho litiririke kwenye joto la jioni ni hatari. Muulize kwanza daktari wako wa kliniki. Kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuona giza si dalili za zoezi kukubali, ni za kuacha.

Siku za mtihani usibadilishe kitu. Kama karatasi ya kwanza ni saa mbili asubuhi na umezoea kutembea, shuka kituo kimoja kabla ya shule, tembea kwa mwendo wako uleule, ufike getini saa mbili kasoro robo. Kamba iache nyumbani.